Hita ya Maji Inatoa Maji ya Uvuguvugu: Namna ya Kukagua Thamostati na Elementi Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa baridi unapoanza ninaulizwa swali lile lile: hita inapokea umeme, taa yake inawaka, maji yanatoka, lakini ni ya uvuguvugu tu, je, ninunue thamostati au elementi? Jibu langu ni kwamba usinunue chochote kabla ya kupima, kwa sababu nimekuta nyumba nyingi ambamo thamostati imebadilishwa mara mbili na tatu huku kasoro ikiwa mahali pengine kabisa. Mwongozo huu unakuonyesha upime nini, kwa mpangilio gani, na kila kipimo kinamaanisha nini.

Ninazungumzia hita ya tangi inayotundikwa ukutani kwa wima, ya lita 30 hadi 80, yenye elementi moja chini na thamostati ya fimbo, kwa kuwa ndiyo iliyo katika nyumba nyingi. Hita ndogo ya kichwani mwa bafu, ile inayopasha maji yakiwa yanapita, hufanya kazi kwa namna nyingine na haimo humu.

Jambo moja lieleweke mapema. Hita ambayo elementi yake pekee imekatika hutoa maji baridi, wala si ya uvuguvugu. Uvuguvugu maana yake ni kwamba umeme unafika kwenye elementi na joto linatengenezwa, ila ama linakatizwa kabla ya wakati, ama ni pungufu, ama linapotea kwa kuchanganywa na maji baridi njiani. Ukaguzi wote unaofuata ni wa kutenganisha hali hizo tatu.

Vitu vya kuandaa

Tafuta multimita yenye kipimo cha volti za umeme wa nyumbani na kipimo cha omu (alama yake ni Ω). Utahitaji pia bisibisi ya nyota na ya bapa, spana za namba 8 hadi 13, mpira wa kumwagilia bustani, ndoo mbili, tochi, kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 100, jagi refu, siki nyeupe lita mbili au tatu, kijiti cha mbao au mwiko wa zamani, na glavu. Gasketi mpya ya mfuniko wa elementi inunuliwe kabla ya kuanza, kwa kuwa ile ya zamani ikishafunguliwa haiaminiki tena, na ni jambo la kuudhi kugundua hivyo jioni wakati maduka ya vifaa yamefungwa. Simu iwe karibu kwa ajili ya kupiga picha ya nyaya.

Hatua ya 1 na ya 2 zinaweza kufanywa na yeyote. Kuanzia hatua ya 3 unafungua kifaa cha umeme kilichojaa maji, kwa hiyo ikiwa hujawahi kutumia multimita, au ukikuta hita haina waya wa eathi, ishia hapo na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA kwa aliye Tanzania, au ya EPRA kwa aliye Kenya.

Hatua ya 1: Hakikisha maji baridi hayaingii kwenye bomba la moto

Hatua hii haigusi umeme kabisa, inachukua dakika tano, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Zima swichi ya hita. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, iliyo upande wenye alama ya bluu. Kisha fungua bomba la maji ya moto peke yake, kwa mfano la sinki la jikoni, uangalie.

Maji yakitoka kidogo kisha yakakatika ndani ya dakika moja, mabomba yako ni salama. Yakiendelea kutiririka kwa nguvu ilhali koki imefungwa, basi hayo ni maji baridi yanayopenya kuingia upande wa moto kupitia mahali fulani, na hakuna thamostati itakayoponya hali hiyo.

Mahali penyewe huwa ni miksa. Mara nyingi miksa ya bafuni imeachwa wazi pande zote mbili, huku maji yakizuiwa na kitufe cha shatafu au cha bafu la mkononi lililofungwa mbele yake. Kwa kuwa njia ya kutokea imezibwa, maji baridi yenye msukumo mkubwa zaidi huvuka ndani ya miksa na kuingia kwenye bomba la moto. Funga miksa moja baada ya nyingine kwenye shina lake, ukirudia jaribio kila mara, hadi mtiririko ukome. Ikiwa miksa ya mkono mmoja imefungwa kabisa na bado inavusha maji, kifaa chake cha ndani kimechakaa na kinabadilishwa.

Ukimaliza, fungua tena koki ya hita kabla ya kuwasha umeme.

Hatua ya 2: Pima joto na muda

Neno uvuguvugu halitoshi, unahitaji namba. Soma kibandiko cha hita uandike lita na wati. Pima joto la maji baridi ya bomba kwa kikombe. Weka kirekebishi cha thamostati juu kabisa, washa hita ikiwa tangi limejaa maji baridi, uandike saa. Hesabu ya muda unaotarajiwa ni hii:

```
saa = lita × nyuzi za kuongeza × 1.16 ÷ wati
```

Chukua hita ya lita 50 na wati 1500, maji yakiwa nyuzi 22 na lengo likiwa nyuzi 60. Nyuzi za kuongeza ni 38, hivyo ni 50 × 38 × 1.16 ÷ 1500, ambayo inatoa takriban saa 1.47, yaani karibu dakika 90. Wengi wanaolalamika huwasha dakika 30 kabla ya kuoga. Kwa dakika 30 hita hiyo hupandisha maji nyuzi 13 tu, kutoka 22 hadi 35, na hapo haina kasoro yoyote.

Kwa hiyo isubiri ikamilishe muda wake. Katika kusubiri, itazame ile taa inayowaka elementi inapofanya kazi, na uandike saa inapozimika na inapowaka tena. Hapa ndipo ulipo ushahidi mkubwa:

- Taa ikizima mapema, maji yakiwa bado chini ya nyuzi 50, kitu kinakata umeme kabla ya wakati. Mshukiwa ni thamostati, au kinachoidanganya thamostati.
- Taa ikiwaka mfululizo kupita muda uliohesabu na maji bado hayajafika nyuzi 60, basi nguvu ni pungufu. Mshukiwa ni elementi, au umeme wenyewe.
- Taa ikizima kwa wakati wake na maji yakatoka ya moto kwa dakika chache kisha yakapoa ghafla, mshukiwa ni mabomba ya ndani ya tangi, nitakayoyataja mwishoni.

Unapopima maji ya moto, yaache yatiririke kwanza hadi yale yaliyolala kwenye bomba yaishe, kisha weka kikombe chini ya mtiririko pamoja na kipimajoto.

Hatua ya 3: Kata umeme na uthibitishe

Zima swichi ya ukutani, kisha zima breka ya hita kwenye bodi ya meini swichi, na umwambie kila aliye nyumbani asiiguse. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwa sababu aliyeifunga anaweza kuwa alikata nyutro badala ya laivu, na hapo hita iliyozimwa bado ina umeme.

Ondoa kifuniko cha plastiki kilicho chini ya hita. Kabla ya kugusa chochote, jaribu multimita kwenye soketi unayojua ina umeme ili uhakikishe inasoma. Kisha pima kwenye vituo vya nyaya vya hita mara tatu: laivu na nyutro, laivu na eathi, nyutro na eathi. Vyote visome sifuri. Rudi kwenye soketi uthibitishe kwamba multimita bado ni nzima. Tesa ya bisibisi isitumike peke yake kwa kazi hii, kwa kuwa taa yake inaweza kushindwa kuwaka palipo na umeme.

Acha maji yapoe pia. Tangi lenye nyuzi 60 au 70 linaunguza ngozi ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kupima

Piga picha ya nyaya zote, kisha mulika kwa tochi. Tafuta kituo cha waya kilichogeuka rangi ya kahawia au nyeusi, plastiki iliyoyeyuka, au unyevu. Kituo kilicholegea hupata moto, hupunguza nguvu inayofika kwenye elementi, na mwishowe huunguza thamostati ambayo haikuwa na kosa. Ukikuta waya umeungua ncha, ukate sehemu iliyoharibika hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, ufunge upya kwa kukaza vizuri. Unyevu chini ya gasketi unakuonya kwamba mfuniko unavuja, na ni lazima ufunguliwe hata kama vipimo vyote ni vizuri.

Kwenye kichwa cha thamostati huwa kuna kitufe kidogo cha usalama. Kikiwa kimeruka, maji yangekuwa baridi kabisa. Ila ikiwa mtu nyumbani amekuwa akikirudisha kila baada ya siku chache, akueleze, kwa sababu maana yake ni kwamba thamostati imeshindwa kukata, au joto limejazana karibu nayo.

Hatua ya 5: Pima thamostati

Chomoa nyaya zake, kisha uivute taratibu itoke kwenye mrija wake. Katika hita nyingi fimbo hii imechomekwa tu, na maji hayatatoka kwa kuwa mrija umezibwa mwisho. Lakini ikiwa yako ni ya aina yenye mrija mwembamba wa shaba uliopindwa kama waya, usiukunje wala kuukata, kwani ndani yake mna kimiminika na ukipasuka umekwisha.

Weka multimita kwenye omu. Pima kati ya kituo kinachoingiza umeme na kile kinachopeleka kwenye elementi, thamostati ikiwa baridi na kirekebishi kikiwa juu. Kipimo kiwe kati ya 0 na omu 1. Kikiwa omu kadhaa, au kikirukaruka unapogusa kichwa chake kwa kidole, mikono ya ndani imeungua na thamostati ibadilishwe. Usiishie hapo hata hivyo, kwa kuwa kipimo cha baridi hakikuambii inakata kwenye joto gani, na hilo ndilo unalotaka kujua.

Jaza jagi refu maji ya nyuzi 40 hivi. Tumbukiza fimbo, kichwa kibaki juu na kikavu kabisa, huku ncha za multimita zikiwa zimeshikizwa kwenye vituo. Ongeza maji yaliyochemka kidogo kidogo, koroga, na kila unapoongeza subiri dakika mbili, kwa sababu fimbo huchelewa kupokea joto. Andika joto ambalo multimita inaacha kusoma, yaani inaonyesha `OL` au `1` upande wa kushoto.

Thamostati nyingi za fimbo, zikiwekwa juu kabisa, hukata kati ya nyuzi 70 na 75. Yako ikikata nyuzi 68 au 72, ni nzima. Ikikata nyuzi 45 au 50, umepata chanzo: nunua yenye urefu ule ule wa fimbo, ampia zile zile, na kitufe cha usalama. Ikipita nyuzi 80 bila kukata, ibadilishe pia, maana hiyo ni hatari zaidi ya uvuguvugu. Acha maji ya jagi yapoe uone kama inarudi kuunganisha baada ya nyuzi kadhaa kushuka. Isiporudi mpaka uigonge, usiirudishe kwenye hita.

Hatua ya 6: Pima elementi

Nyaya zikiwa zimechomolewa, weka ncha za multimita kwenye vituo viwili vya elementi. Kipimo sahihi hutegemea wati, na kwa umeme wa volti 230 ni takriban hivi:

- wati 1000: omu 53
- wati 1200: omu 44
- wati 1500: omu 35
- wati 2000: omu 26
- wati 2500: omu 21

Kwa hita iliyoandikwa volti 240 namba hupanda kidogo. Ya wati 1500, kwa mfano, husoma omu 38. Tofauti ya omu mbili tatu isikutie wasiwasi. Kipimo cha `OL` ni elementi iliyokatika.

Sasa angalia kama hita yako ina elementi mbili, jambo ambalo ni la kawaida kwa hita bapa na baadhi ya kubwa. Utaona vituo vinne badala ya viwili. Zichomoe nyaya upime kila moja peke yake. Moja ikikatika, nyingine huendelea kupasha kwa nguvu iliyobaki, taa huwaka kama kawaida, na maji huwa ya uvuguvugu kila siku. Hapa ndipo elementi iliyokatika kweli huleta uvuguvugu.

Mwisho, pima kati ya kila kituo cha elementi na chuma cha mfuniko. Isomeke `OL`. Namba yoyote ikitokea, elementi imepasuka na inavujisha umeme kwenye maji. Hita hiyo isiwashwe tena mpaka ibadilishwe. Jua pia kwamba multimita hupima kwa volti chache, hivyo elementi inaweza kuonekana safi na bado ikavujisha ikipewa volti 230. Kama breka ya kuzuia mshtuko imekuwa ikikatika, fundi aipime kwa mega, yaani kipimo kinachotumia volti kubwa kutafuta uvujaji wa umeme.

Hatua ya 7: Fungua mfuniko hata kama vipimo vyote ni vizuri

Hapa ndipo wengi hukosea, na ni heri nieleze kwa kisa kimoja.

Nyumba moja ya Dodoma, inayotumia maji ya kisima, ilikuwa na hita ya lita 50 na wati 1500. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha thamostati mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tulipoiwasha maji yakiwa nyuzi 22, taa ilizima baada ya dakika 20, ikawaka tena baada ya muda, ikazima, na ikaendelea hivyo. Baada ya dakika 90 maji ya bombani yalikuwa nyuzi 41. Ukifanya hesabu ya hatua ya 2, kupanda nyuzi 19 kunahitaji dakika 44 za kupasha. Kumbe katika dakika 90 elementi ilifanya kazi karibu nusu tu ya muda. Thamostati kwenye jagi ilikata nyuzi 71. Elementi ilisoma omu 36, na kwenda kwenye chuma ilikuwa `OL`. Kwa vipimo hivyo mtu angesema kila kitu ni kizima.

Tulipotoa mfuniko tulikuta ukoko wa chokaa mgumu kama ule wa chungu cha wali, umeizunguka elementi na kuiunganisha na mrija wa thamostati kana kwamba ni kitu kimoja. Joto la elementi lilikuwa likipita ndani ya ukoko moja kwa moja hadi kwenye fimbo. Fimbo ilipofika nyuzi 71 ilikata, kama ilivyopaswa, ilhali maji ya tangi yalikuwa hayajafika 40. Ukoko ulipopoa iliwasha tena. Thamostati tatu zote zilikuwa zikisema kweli. Zilichokuwa zikipima ni joto la ukoko, wala si la maji.

Kwa hiyo, ikiwa taa huzima mapema na thamostati imefaulu jaribio la jagi, fungua mfuniko. Dalili nyingine ya ukoko ni mlio wa kuchemka au kupasukapasuka ndani ya tangi dakika chache baada ya kuwasha.

Namna ya kufungua ni hii. Funga koki ya maji baridi. Fungua bomba la moto lililo karibu ili hewa iingie, la sivyo maji hayatatoka. Fungua valvu ya usalama kwa wenzo wake, au legeza muunganisho wa maji baridi, uelekeze maji kwa mpira hadi ndoo au shimo la maji machafu. Lita 50 huchukua muda. Usiharakishe kulegeza nati za mfuniko kabla maji hayajakoma. Weka alama kwa kalamu kuonyesha upande wa juu wa mfuniko, ondoa nati, kisha uuteremshe kwa mikono miwili huku ndoo ikiwa chini, kwani mabaki ya maji na matope hutoka kwa pamoja.

Hatua ya 8: Safisha

Loweka elementi na mrija wa thamostati ndani ya siki, vituo vya umeme vikibaki juu na vikavu. Usiku mmoja hutosha kwa ukoko wa kawaida. Kisha kwangua kwa kijiti cha mbao. Usitumie patasi wala kisu, kwa sababu ganda la elementi ni jembamba na likitoboka umeme utaingia kwenye maji. Asidi ya betri na dawa kali ya kusafishia choo zisitumike kabisa, maana hula chuma pamoja na ukoko.

Ndani ya tangi, toa vipande vya chokaa kwa mkono uliovaa glavu na uoshe kwa kufungua koki kidogo. Usikwangue ukuta wa tangi, una rangi ya kioo inayouzuia usishike kutu. Angalia pia ile fimbo ya magnesi iliyofungwa kwenye mfuniko pamoja na elementi: hiyo huliwa badala ya tangi, na ikiwa imebaki waya tu, weka mpya sasa wakati hita iko wazi.

Elementi iliyovimba, iliyopasuka, au yenye madoa ya kutu yaliyochimbika, usihangaike kuisafisha. Nunua mpya yenye wati zile zile na mfuniko wa kipimo kile kile. Njia salama ni kwenda dukani nayo mkononi.

Hatua ya 9: Rudisha na ujaze kabla ya kuwasha

Weka gasketi mpya, rudisha mfuniko kwa alama yako, na ukaze nati kwa kukingamana, moja hapa na nyingine mkabala wake, kidogo kidogo. Fungua maji baridi huku bomba la moto likiwa wazi. Mwanzoni litatoa hewa kwa kukohoa. Subiri hadi mtiririko uwe mmoja usiokatika. Hapo tangi limejaa. Funga bomba, pangusa mfuniko kwa kitambaa kikavu, na usubiri robo saa uone kama kuna tone.

Kosa linaloua elementi mpya nyingi ni kuwasha umeme tangi likiwa tupu. Elementi isiyo na maji huungua ndani ya muda mfupi sana, na hakuna duka litakaloipokea tena.

Rudisha nyaya kwa kufuata picha yako, waya wa eathi ukiwa wa kwanza. Funga kifuniko, washa breka, kisha rudia hatua ya 2. Ile hita ya Dodoma, baada ya kusafishwa na kurudishiwa thamostati yake ile ile, ilifika nyuzi 61 kwa dakika 92.

Ukishapata joto, kirekebishi kikae karibu nyuzi 60. Chini ya nyuzi 50 bakteria wa majini wanaweza kukaa ndani ya tangi, na juu ya 60 chokaa huganda haraka zaidi. Kwa nyuzi hizo maji yachanganywe na baridi kabla ya kumwogesha mtoto.

Ikiwa maji bado ni ya uvuguvugu

*Taa inawaka mfululizo, elementi ni nzima na safi, lakini joto linapanda polepole mno.* Pima volti za soketi iliyo karibu wakati hita inafanya kazi, hasa saa za jioni. Nguvu ya elementi hushuka haraka kuliko volti: kwenye volti 190 elementi ya wati 1500 hutoa takriban wati 1020 tu, na zile dakika 90 hugeuka kuwa zaidi ya saa mbili. Kama soketi inasoma 230 lakini vituo vya hita vinasoma pungufu sana, kasoro iko kwenye waya mwembamba au kiungo kilicholegea kati ya bodi na hita, na hicho kiungo kinapata moto ndani ya ukuta. Zima, mwite fundi. Volti zikiwa pungufu nyumba nzima, peleka taarifa kwa shirika la umeme.

*Maji ni ya uvuguvugu tangu siku hita ilipofungwa.* Gusa mabomba mawili chini ya hita wakati mtu anaoga. Maji baridi yanapaswa kuingia upande wa bluu na ya moto kutoka upande wa nyekundu. Yakiwa yamegeuzwa, maji yanachukuliwa kutoka chini ya tangi, palipo baridi, na hali hiyo haitarekebishika kwa kubadilisha kifaa chochote cha umeme.

*Maji hutoka ya moto kwa dakika moja mbili kisha hupoa, na mabomba yamefungwa sawasawa.* Ndani ya tangi mna mrija mrefu unaochukua maji ya moto kutoka juu. Ukitoboka au kukatika karibu na chini, huvuta maji baridi yanayoingia. Unaonekana kwa tochi kupitia tundu la mfuniko, na katika baadhi ya hita unaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Katika nyingine umechomelewa, na hapo tangi zima ndilo linalobadilishwa.

*Uvuguvugu umerudi baada ya miezi michache tangu kusafisha.* Maji yako yana chokaa nyingi. Shusha kirekebishi hadi nyuzi 55, na ufungue mfuniko kila baada ya miezi sita mpaka ujue kasi ya ukoko wa maji yako. Nyumba nyingine zitahitaji kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, nyingine mara moja kila miaka miwili.